Kabla ya Kulipia Mizani Uliyoiona kwa Picha, Soma Kibandiko Chake

Tulikuwa tumeenda Githurai kumsaidia mama mmoja mwenye duka kuweka namba ya kulipia ya biashara. Kazi ilipoisha, alitupa simu yake ikiwa na picha tatu za mizani.

"Nyinyi vijana mnajua mambo ya simu," akasema. "Hebu niambieni, kati ya hizi tatu nilipie ipi? Huyu wa katikati anataka nimtumie nusu ya pesa leo jioni, la sivyo anampa mtu mwingine."

Mizani yake ya zamani, ile ya sahani na mshale, ilikuwa imechoka. Mshale ulikuwa unasimama mahali tofauti kila ukipima kitu kile kile. Wateja walishaanza kunung'unika, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kama sukari inayotoka kwenye gunia ndiyo pesa inayoingia kwenye droo. Kwa hivyo alihitaji mizani, na haraka. Lakini picha tatu kwenye simu, zote za mizani za kung'aa, zinaweza kuwa vitu vitatu tofauti kabisa. Tulikaa naye saa nzima. Haya ndiyo tuliyoyaangalia pamoja, na hata wewe unaweza kuyaangalia kabla hujabonyeza PIN.

Anza na duka, picha baadaye

Kabla ya kuangalia picha yoyote, tulimuuliza mama maswali mawili tu. Kitu kidogo zaidi unachopima ni cha uzito gani? Na kikubwa zaidi unachopima kwa mara moja ni cha uzito gani?

Kikubwa kilikuwa rahisi. Magunia hayapimi, anayapokea yakiwa yamepimwa na muuzaji wa jumla. Wateja wake wananunua mchele, maharagwe na sukari, na mteja mkubwa sana anachukua kilo tano. Mahindi anauza kwa gorogoro, hayo hayaingii kwenye mizani hata kidogo.

Kidogo kilichukua muda. Mwanzoni alisema robo, yaani gramu 250 za sukari. Kisha akakumbuka kwamba pilau masala na majani ya chai ya kupima anauza gramu 50. Hapo mambo yakabadilika. Mizani inayopima robo vizuri si lazima iweze kupima gramu 50, na hiyo ndiyo sababu tulimwomba aandike namba hizo mbili kwenye karatasi: gramu 50 na kilo 5. Ukishakuwa nazo, picha zinaanza kuongea.

Picha ya kwanza: mizani ya jikoni

Ya kwanza ilikuwa bapa, nyeupe, na vitufe vitatu mbele: cha kuwasha, cha kubadilisha kipimo, na kimoja kimeandikwa TARE. Juu yake kuna sahani ndogo. Tangazo lilisema inapima kilo 10 kwa gramu moja moja. Bei ilikuwa poa sana, na ndiyo iliyomvutia mama.

Hii ni mizani ya jikoni, ya mtu anayepika keki nyumbani. Kwenye picha unaitambua kwa mambo matatu. Skrini ni moja tu na inamwangalia muuzaji, mteja hawezi kuona. Miguu yake haizunguki kuisawazisha kwenye meza. Na popote ulipoangalia hakuna maneno Max, Min wala herufi e. Kuna zingine ambazo mtengenezaji mwenyewe amezibandika maneno NOT FOR TRADE USE, maana yake si za biashara.

Tatizo si kwamba inadanganya kila mara. Ikiwa mpya inaweza kusoma vizuri tu. Tatizo ni kwamba Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, inataka kila kipimo kinachotumika kuuza kiwe kimekaguliwa na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo. Mizani ya jikoni haijatengenezwa kupita ukaguzi huo. Ukiiweka kaunta, siku afisa akija unaweza kuipoteza, na ufikishwe kortini juu yake. Mama aliifuta hiyo picha bila hata kumaliza chai.

Picha ya pili: namba za skrini zilisema ukweli

Ya pili ndiyo ile ya mtu wa haraka. Kwa umbo, hii ilikuwa mizani ya duka kweli. Sahani ya chuma, vitufe vingi vya namba, na madirisha matatu kwenye skrini: uzito, bei ya kilo moja, na jumla ya pesa. Nyuma kulikuwa na skrini nyingine ya mteja. Kwenye mizani za aina hii mara nyingi utaona maandishi kama ACS-30. Hiyo 30 kwa kawaida inataja kilo, lakini usinunue kwa jina hilo, kwa sababu mizani nyingi tofauti zinalitumia na hazilingani.

Tangazo lilisema: "Kilo 30, inapima hadi gramu 1." Hapo tulisimama.

Mizani za duka ziko kwenye daraja la tatu la usahihi, linaloandikwa III ndani ya umbo la yai. Kanuni za kimataifa za mizani, OIML R 76, zinasema mizani ya daraja hilo haiwezi kuwa na hatua zaidi ya 10,000. Hatua ni ile ruka moja ya namba kwenye skrini. Sasa fanya hesabu: kilo 30 ni gramu 30,000. Ukigawa kwa gramu moja moja unapata hatua 30,000. Hiyo ni mara tatu ya kinachoruhusiwa. Basi ama mizani hiyo si ya daraja la biashara, ama tangazo si la kweli.

Kisha tukaikuza picha. Mtu alikuwa ameweka mfuko wa maharagwe juu ya sahani, na dirisha la uzito lilionyesha 2.34. Namba mbili tu baada ya nukta. Kwenye kilo, namba ya kwanza baada ya nukta ni mamia ya gramu, ya pili ni makumi, na ya tatu ndiyo gramu. Skrini yenye namba mbili haiwezi kuruka kwa chini ya gramu 10. Picha ya muuzaji mwenyewe ilikuwa imeshakanusha maneno yake.

Ujanja huu unafaa kuukumbuka. Kama kuna namba tatu baada ya nukta, angalia ya mwisho kwenye picha kadhaa. Ukikuta 0 na 5 pekee, huenda inaruka kwa gramu tano. Ukikuta 2, 4, 6 au 8, haiwezi kuwa ya gramu tano, ni ya mbili au moja. Picha moja haitoshi kukupa jibu, lakini video fupi ya mtu akimwaga sukari polepole kwenye sahani itakuonyesha yote.

Kibandiko ndicho kitambulisho

Tulimwambia mama aombe picha moja zaidi: ya kibandiko. Kila mizani ya biashara ina kibandiko au kibati, mara nyingi ubavuni, nyuma au chini. Mtu anaweza kupiga picha nzuri ya sahani na taa, lakini asipokuonyesha kibandiko hujaiona mizani. Ni kama kumwajiri mtu bila kuona kitambulisho.

Muuzaji alileta baada ya kusumbuliwa kidogo. Kilisema hivi:

```
Max 30 kg   Min 200 g   e = 10 g
```

Max ndiyo uzito wa juu kabisa, pamoja na bakuli lako. Watu wengi husahau bakuli. Ukibonyeza TARE skrini inarudi sifuri, lakini uzito wa bakuli bado uko juu ya mizani na unahesabika kwenye Max.

Herufi e ndiyo hatua inayokaguliwa na serikali. Hapa ni gramu 10, si gramu 1.

Min ndiyo uzito wa chini ambao mizani inaaminika. Chini ya hapo skrini itakuonyesha namba, ndiyo, lakini kosa linakuwa kubwa mno ukilinganisha na kilichopimwa. Na Min haichaguliwi ovyo. Kwa daraja la III ni lazima iwe e mara 20. Gramu 10 mara 20 ni gramu 200, kwa hivyo kibandiko hiki kinakubaliana na chenyewe. Ukiona kibandiko kinasema e ni gramu 5 na Min ni gramu 20, jiulize ni nani alikichapisha, kwa sababu Min ilipaswa kuwa gramu 100.

Basi mizani ya pili ilikuwa halali, na muuzaji pengine hakuwa mwizi. Huenda alinakili maneno ya tangazo la mtu mwingine. Lakini weka karatasi ya mama kando yake: gramu 50 ziko chini sana ya Min ya gramu 200. Pilau masala haingii hapa. Robo inaingia, lakini kwa shida, kama tutakavyoona.

Picha ya tatu: namba mbili kwenye kibandiko kimoja

Ya tatu ilitoka kwa duka la mizani katikati ya jiji. Ilizidi ya pili kwa shilingi elfu mbili, na mama alikuwa ameshaikatia tamaa. Kibandiko chake kilionekana wazi:

```
Max 6/15 kg   Min 40 g   e = 2/5 g   III
```

Mkwaju huo wa katikati ndio siri yake. Hadi kilo 6, mizani inaruka kwa gramu 2. Ukipita kilo 6 hadi 15, inaruka kwa gramu 5. Min ni gramu 40, ambayo ni gramu 2 mara 20, sawasawa. Gramu 50 za pilau masala zinaingia. Kilo 5 za mchele pamoja na bakuli zinabaki chini ya kilo 6, penye hatua ndogo. Karatasi ya mama yote imetimia.

"Sasa hiyo elfu mbili inarudi aje?" akauliza. Swali zuri, na tulilipigia hesabu kwenye karatasi ile ile.

Chukua gunia la sukari la kilo 50, limalizike lote kwa robo. Hizo ni robo 200. Kwa uzito mdogo kama robo, mizani ya daraja la III ikiwa tayari inatumika dukani inaruhusiwa kukosea hadi hatua moja. Kwa mizani ya pili hiyo ni gramu 10, kwa ya tatu ni gramu 2. Tuseme kila mojawapo imefika mwisho wa kosa lake, na kosa linakuumiza wewe. Ya pili inatoa bure gramu 10 mara 200, yaani kilo 2. Ya tatu inatoa gramu 2 mara 200, yaani gramu 400. Tofauti ni kilo moja na gramu 600 kwa kila gunia. Tuseme sukari ni shilingi 160 kwa kilo, hiyo ni shilingi 256. Magunia manane, na ile elfu mbili imerudi.

Tusikudanganye, hiyo ni hali mbaya kabisa. Mizani nyingi zilizokaguliwa hukosea kidogo kuliko kiwango cha mwisho. Na kosa linaweza kuelekea upande mwingine, mteja ndiye apunjwe. Lakini hilo nalo lina bei yake mtaani: mtu akipima robo yako kwa jirani na ikapungua, harudi.

Ujumbe wa kumtumia muuzaji

Usimuulize muuzaji kama mizani ni nzuri. Atasema ndiyo. Muulize vitu ambavyo jibu lake ni picha. Huu ndio ujumbe tulioandika na mama, unaweza kuunakili:

"Habari. Nimependa hiyo mizani. Naomba picha nne: kibandiko kikisomeka vizuri, chini ya mizani, skrini ya upande wa mteja, na betri. Kwenye picha ya kibandiko weka karatasi yenye tarehe ya leo. Pia naomba video fupi ukiiwasha na kuweka kitu juu. Nikiona nitakuambia kama nakuja."

Karatasi yenye tarehe inakuonyesha kwamba mizani iko mikononi mwake, si picha iliyookotwa mtandaoni. Picha ya chini inakuonyesha miguu ya kuzungusha, na pia mahali pa lakiri, ile stika au waya wenye risasi unaofunika sehemu ya kurekebishia mizani. Kama ni ya mtumba na lakiri imekatwa, mtu ameifungua. Haimaanishi ni mbovu, lakini itabidi ikaguliwe upya kabla haijauza hata robo moja. Betri ni kwa ajili ya siku stima ikipotea. Mizani nyingi za aina hii hutumia betri ya asidi iliyofungwa ya volti 6, na ukiona kwenye picha imevimba au ina unga mweupe kwenye vichwa, weka bei ya betri mpya kwenye hesabu yako.

Yule wa picha ya pili hakupata nusu ya pesa jioni ile. Mama alimwambia tu, "Asante mwanangu, yako ni kubwa kwangu." Haraka ya muuzaji isiwe haraka yako. Pesa za kushikilia kitu ambacho hujaona kibandiko chake ni pesa za kununua mbuzi kwenye gunia.

Siku ya kulipa

Mama alienda kwenye duka lile mwenyewe. Kabla ya kulipa alilinganisha namba ya mizani kwenye kibandiko na ile ya picha aliyotumiwa. Kisha akalipa kwa namba ya biashara ya duka, akasoma jina lililojitokeza kwenye simu kabla ya kuweka PIN, na akahakikisha linalingana na jina la risiti. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba ya kijana wangu," rudi nyuma hatua moja na uulize kwa nini.

Risiti ionyeshe Max, e na namba ya mizani, si "mizani 1" pekee. Ikileta shida, hiyo karatasi pamoja na ujumbe wa malipo ndiyo ushahidi wako.

Majaribio matatu kwenye kaunta

Picha haiwezi kukuambia kama mizani imeanguka njiani. Lakini unaweza kuijaribu bila mawe ya kupimia ya serikali.

Kwanza iweke mahali pagumu pasipotikisika, mbali na feni. Zungusha miguu hadi povu la hewa kwenye kile kioo kidogo likae katikati ya duara. Iwashe, uiache dakika kadhaa, na uone kama inakaa kwenye sifuri bila kutangatanga.

Pili, chukua kitu kimoja kisichobadilika, kwa mfano mfuko wa chumvi uliofungwa, ukipime mara tano. Kila mara kitoe kabisa na ungoje sifuri irudi. Namba zikirukaruka zaidi ya hatua moja, kuna shida.

Tatu, chukua mzigo wa kama theluthi moja ya Max. Kwa mizani ya mama hiyo ni kilo 5. Tafuta kitu chenye uzito huo kisichotandaa, kiweke kwenye pembe moja ya sahani, kisha ya pili, ya tatu na ya nne. Namba inapaswa kubaki karibu ile ile. Ikitofautiana kwa gramu nyingi, kitambuzi cha ndani kimepinda au sahani inagusa mahali. Hili ndilo jaribio linalokamata mizani nyingi zilizoanguka kutoka kwenye pikipiki.

Usiijaribu kwa pakiti ya unga ya kilo mbili ukadhani umeikagua. Karatasi ya pakiti ina uzito wake, na unga wenyewe unaruhusiwa kupungua au kuzidi kidogo. Majaribio haya yanakuonyesha kama mizani ni tulivu. Kama ni sahihi, hilo linasemwa na afisa wa vipimo akiwa na mawe yake yaliyothibitishwa. Ofisi yake iko upande wa biashara wa serikali ya kaunti yako, na ukaguzi hurudiwa kila mwaka. Mara nyingi maafisa hutangaza siku za kuja sokoni au kwa chifu, hivyo uliza mapema.

Tulipita tena kwa mama juzi. Mizani iko kaunta, imepigwa muhuri, na skrini ya nyuma inamwangalia mteja. Ile karatasi yenye gramu 50 na kilo 5 ameibandika ukutani, kando ya namba yake ya kulipia. Anasema dada yake wa Ruiru ametumiwa picha za mizani, na kitu cha kwanza alichomuuliza ni, "Kibandiko kiko wapi?"